Namna ya Kuipandisha IST Hamsini na Saba

Kuharibu gari dogo kwenye mashimo ya mtaani kwenu ni jambo lisilo na hadhi. Fundi anakutazama kwa huruma, anataja bei, yamekwisha. Lakini ukimwambia kwamba sampo ilipasuka ukiwa unapanda Kitulo kutazama maua, atasimama, atafuta mikono, atawaita na wenzake waje wakuone. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayeitamani heshima hiyo. Asiyeitamani asome yaleyale, kisha atende kinyume.

Mahali penyewe ni Chimala, mji mdogo kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, kilomita 78 mashariki ya jiji la Mbeya. Kaskazini ya barabara kumelala tambarare ya Usangu na mashamba yake ya mpunga. Kusini kumesimama mlima. Njia inayouparamia mlima huo kwenda Matamba inaitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Aliyezihesabu hatumjui, ila ni dhahiri kwamba si yeye aliyekuwa ameshika usukani.

Ukimaliza kona umeingia wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, na mbele yako ni uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005, na inatajwa kuwa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Huitwa Bustani ya Mungu, na jina hilo halikutiwa chumvi: kuna okidi za kila rangi, na maua mengine yanayofunika mabonde mpaka macho yanachoka.

Sasa sikia mtego wenyewe. Maua hayo yanaletwa na mvua, kati ya Desemba na Aprili. Miezi ya maua ndiyo miezi ya tope. Ukienda kiangazi utapata njia kavu na majani, pamoja na baridi ya Juni na Julai ya kukutoa machozi. Ukienda masika utapata maua, endapo utafika. Mwenye bustani hakushauriana na wenye magari ya chini, na ratiba yake haijabadilika tangu hapo.

Kumwuliza mtu asiyeweza kukukatalia

Hatua ya kwanza ya kujiharibia ni kusimama Chimala, kushusha kioo na kumwuliza mtu wa kwanza unayemwona. Chagua mzee. Wazee wana adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Eti mzee, gari kama hii inapita kwenda Matamba?"

Mzee ataitazama gari, atakutazama wewe, atamtazama shemeji aliyekaa mbele na miwani yake ya jua. Kisha atasema, "Inapita."

Hapo washa gari uondoke, usimwulize lingine. Mzee hajakudanganya. Umemwuliza kama gari inapita, na yeye ameziona gari zikipita: nyingine zikisukumwa, nyingine zikivutwa, moja ikishuka kinyumenyume ikiwa na watu wanane mbele ya boneti wakiizuia. Zote zilipita. Tena wewe ni mgeni, umetoka mbali na umevaa vizuri, na kumwambia mgeni kwamba safari yake haifai si jambo ambalo mtu aliyelelewa vyema analifanya dirishani mwa gari.

Anayetaka kufika huuliza maswali ambayo hayawezi kujibiwa kwa neno moja. Leo asubuhi imepanda gari gani? Si gari kwa jumla: gari gani? Imeshuka? Jana jioni mvua ilinyesha huko juu? Mara ya mwisho gari dogo lilikwama wapi, kona za chini au za juu, na lilitolewaje? Watu wale wale waliosema "inapita" wakiulizwa hivi wataanza kubishana wao kwa wao, na katika mabishano hayo ndimo barabara ilimo. "Ile ya mwalimu haikupita, iliachwa kwenye kona ya zege." "Haikuachwa, betri ilikufa." "Betri gani, na oili ilimwagika njia nzima!"

Pima pia anayejibu. Kijana wa bodaboda anakueleza barabara yenye upana wa futi moja, kwani ndiyo anayoitumia. Dereva wa Fuso anakueleza barabara isiyo na mawe, maana mawe yake na yako si mamoja. Shahidi wa maana ni dereva wa Probox au Noah ya abiria aliyeshuka sasa hivi, tairi bado zina tope bichi. Naye mpunguzie kidogo. Kila jiwe analijua kwa sura, gari ni la tajiri, na shokapu amezizoea zikiwa zimekufa. Akisema "pabaya kidogo", elewa ni pabaya. Akisema "pabaya", funga gari unywe chai.

Kuna pia mama muuza ndizi pale njia inapoanzia kupanda. Huyo haendeshi, lakini ameona yote yaliyopanda tangu alfajiri na anayajua ambayo hayajashuka. Mnunulie ndizi kabla ya kumwuliza.

Kijiti

Gari kama IST, Vitz au Passo lina nafasi ya sentimita 14 mpaka 16 kati ya ardhi na chuma cha chini kabisa, likiwa tupu. Hiyo ndiyo namba unayoikuta kwenye vitabu, na ni namba nzuri ya kutembea nayo ikiwa unasafiri peke yako bila nguo. Watie watu wanne, maboksi ya chakula, jiko la gesi na godoro la shemeji, na springi zinakaa chini. Sentimita nne au tano zimeondoka kabla hujawasha injini. Kilichobaki ni kama urefu wa kiganja.

Na hicho chuma cha chini kabisa si kitu cha mapambo. Mara nyingi ni sampo, bakuli linaloshika oili chini ya injini, au bomba la ekzosi. Ekzosi ikigongwa utasikia kelele na utaendelea na safari kwa aibu. Sampo ikigongwa haikwambii kitu. Oili inavuja taratibu, unaendelea kuimba na redio, halafu inawaka taa nyekundu yenye picha ya birika. Anayetaka kuua injini kabisa aseme, "ngoja tufike pale juu kwenye nyumba." Injini isiyo na oili haingoji nyumba. Taa hiyo ikiwaka zima injini papo hapo, hata kama umesimama mahali pabaya.

Waoga wana mbinu yao. Wakiwa Chimala, kabla ya kuanza kupanda, abiria wote wakiwa wamekaa na mizigo imo, mmoja anainama na kukata kijiti chenye urefu sawa na nafasi iliyopo chini ya gari, kisha anakipunguza kwa upana wa vidole viwili kwa sababu gari linapotembea linanesa. Baada ya hapo mjadala umekwisha. Mkifika mahali penye shaka mtu anashuka na kijiti, anakisimamisha kando ya jiwe au kando ya tuta la katikati ya njia. Jiwe likizidi kijiti, gari halipiti juu yake, hata dereva akiwa na uzoefu wa miaka mingapi. Watazunguka, au watajaza mawe madogo kwenye mifereji ya tairi mpaka gari linyanyuke, au watarudi.

Mpandaji shujaa hashuki. Anajua kwamba kushuka ni kukiri. Anakaribia jiwe, anapunguza mwendo, anasema "litapita hili", na wote ndani wananyanyua makalio kwenye viti kana kwamba hilo litapunguza uzito.

Akishuka angeona mengi ambayo hayaulizwi mtu. Angeona kama juu ya tuta la katikati kuna mikwaruzo mipya, na kama kuna jiwe lenye doa jeusi la oili, ambalo ni taarifa iliyoachwa na gari lililotangulia. Angeona pia kama alama za tairi zilizopo ni za pikipiki tu. Na angeona kwamba mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya Fuso haikukatwa kwa kipimo chake: Fuso ni pana zaidi, kwa hiyo gari dogo likiingiza tairi moja mferejini, la pili linapanda tuta na tumbo linalala juu ya udongo. Panapokuwa hivyo, njia ya gari dogo ni kupita juu: tairi za upande mmoja kwenye tuta la katikati, za upande wa pili kwenye ukingo, mfereji mmoja ukibaki chini ya tumbo. Ni jambo la kufanywa polepole, mtu akiwa nje anaelekeza kwa mkono, na udongo ukiwa mkavu. Udongo ukilowa tuta linateleza, na gari linarudi lenyewe mferejini.

Kupanda

Kona za Hamsini na Saba ni za kugeuka nyuma: unapanda kuelekea mashariki, unakata, unapanda kuelekea magharibi, na ukichungulia chini unaiona njia uliyoiacha dakika tatu zilizopita, na Chimala imekuwa ndogo. Ni mahali pazuri sana pa kupiga picha. Kwa hiyo shujaa husimama katikati ya kona.

Ugumu wa kuondoka tena una sababu zake. Gari dogo la kawaida linaendeshwa na magurudumu ya mbele. Kwenye mwinuko uzito unahamia nyuma, na ya mbele yanabaki mepesi. Ukikanyaga mafuta juu ya changarawe yanazunguka bure, yanachimba, na kila mzunguko unafanya shimo lako liwe bora zaidi. Juu ya hayo hewa ya mlimani ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. IST ya lita 1.3 iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 87 inafika uwandani Kitulo ikiwa na 65 hivi, na farasi hao ndio wanaoburuta godoro.

Ndiyo maana wanaofika huingia gia namba moja kabla ya kona, sio ndani yake. Kwenye otomatiki huweka L. Wanapiga honi. Wanaizunguka kona kwa upande wa nje, ambako mwinuko ni mdogo, kwa sababu upande wa ndani wa kona ndio mkali kuliko wote. Hawana haraka na hawasimami. Kama ni lazima kusimama, wanasimama penye usawa, baada ya kona. Na mahali pagumu abiria wanashuka wote na kutembea. Watu wanne ni karibu kilo 280, na zikitoka hizo gari linanyanyuka na injini inapumua. Hili ndilo jambo lenye faida kubwa kuliko yote katika mwongozo huu, na halifanywi, kwa sababu shemeji amevaa viatu vyeupe.

Kuna mbinu ya mwisho ambayo madereva wa zamani wanaijua: gari la magurudumu ya mbele likishindwa kupanda kimbele huweza kupanda kinyumenyume, kwa kuwa hapo magurudumu yanayovuta ndiyo yaliyo upande wa chini na yamebeba uzito. Inafanya kazi kwenye kipande kifupi kilichonyooka. Anayetaka kuijaribu kwenye kona zenyewe, mwongozo unampongeza na unamwomba aache namba za ndugu zake.

Kisha kuna Fuso. Inashuka na viazi, na magunia yake ni ya lumbesa, yale yaliyoshonewa kofia juu. Desturi ya milimani ni kwamba anayepanda apewe njia, kwa kuwa akisimama ndiye atakayeshindwa kuondoka. Shujaa huisoma desturi hiyo kama sheria na huishikilia mbele ya tani kadhaa za viazi. Mwenye akili husikiliza honi, hutazama kona mbili mbele yake, huona vumbi au kichwa cha lori, na hujibana mapema upande wa mlima penye nafasi. Fuso haiwezi kuikata kona hiyo isipokuwa kwa kuichukua yote. Anayejibana upande wa bonde kwa ukarimu asishangae ukingo ukimegeka. Kando ya korongo udongo uliolowa hauna kitu cha kuushikilia.

Ukiona matawi mabichi yametandazwa barabarani, si mapambo ya harusi. Mbele yako, pengine nyuma ya kona hiyohiyo, kuna gari limeharibika. Na ukikuta jiwe kubwa katikati ya njia, jua utingo aliliweka nyuma ya tairi la lori lililokuwa linapumzika, lori likaondoka, jiwe likabaki. Mkwepaji hulikwepa. Muungwana husimama penye usawa akaliondoa.

Mafuta, au elimu ya kuamini geji

Hapa msafiri wa mjini ana nadharia mbili ambazo hazifi. Ya kwanza ni kwamba asijaze tangi ili gari liwe jepesi. Tangi la gari dogo ni lita 45 hivi. Tofauti kati ya tangi lililojaa na nusu tangi ni kama kilo 17, uzito wa mtoto wa darasa la kwanza aliyetoka kuugua. Mtu anaacha kilo hizo sheli, halafu akirudi anapakia gunia la viazi kwenye buti.

Nadharia ya pili ni kuhesabu mafuta kwa kilomita za lami. Tufanye hesabu pamoja. Gari linalokupa kilomita 13 kwa lita kati ya Mbeya na Chimala linatumia lita 6 kufika, na 6 kurudi. Tuseme kupanda, kuzunguka uwandani na kurudi mpaka Chimala kutakula kilomita 80. Kwa gia namba moja na mbili, lita moja haikupi 13. Ikikupa 7 shukuru. Hizo ni lita 11 na kitu. Jumla ni 23 na ushee, ikiwa hukupotea njia, hukukuta lori limeziba kona kwa saa mbili, na hukuwasha injini usiku kupasha gari joto. Nusu tangi ni lita 22 na nusu. Kwa hiyo nusu tangi itakufikisha kabisa, itakufikisha hadi juu, ikuonyeshe maua, na kukurudisha karibu kabisa na nyumbani. Ongeza nusu ya hesabu hiyo kwa yasiyotarajiwa na umefika lita 35. Jawabu ni tangi lililojaa, na pa kulijazia ni Chimala, barabara kuu, sio mbele ya safari.

Jaza hata kama geji inasema bado. Geji inasoma boya linaloelea ndani ya tangi, na gari likiinama mafuta yanakimbilia upande mmoja. Kwenye mlima geji hiyohiyo inaweza kukupa robo ukiwa unapanda na karibu tupu ukiwa kwenye usawa. Mafuta yakiwa kidogo kweli, pampu inaweza kunyonya hewa kwenye mwinuko na injini ikazima katikati ya kona. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, baada ya hapo ni nguvu ya mguu wako. Usizipoteze hizo mbili kwa kujaribujaribu. Kanyaga mara moja, shikilia, vuta hendibreki, mtu aweke jiwe nyuma ya tairi.

Kumbuka pia kwamba pampu za sheli zinaendeshwa na umeme, na malipo ya simu yanaendeshwa na mtandao, na siku ya mvua vyote viwili hupenda kuondoka pamoja. Noti mfukoni hazijawahi kukosa mtandao.

Ukiishiwa huko juu, kijiji hakikosi mtu mwenye petroli kwenye chupa au dumu, akiwauzia bodaboda. EWURA hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Muuzaji wa chupa tangazo hilo halijamfikia, na kwa kuwa ameyabeba mpaka hapo, mimi simlaumu. La kuogopa ni kilichomo. Tangu mwaka 2010 mafuta ya nchini hutiwa vinasaba ili waliochakachua wakamatwe, ila chupa ya kijijini haina wa kuipima isipokuwa wewe. Mwagia mafuta kwenye chupa safi inayoonyesha, iache itulie dakika chache, uitazame chini: maji hukaa chini na huweka mstari wake. Kisha dondoshea tone kwenye karatasi. Petroli safi hukauka upesi na karatasi inabaki kama ilivyokuwa. Ikibaki doa la mafuta, ndani yake kuna mafuta ya taa. Ukiyatia hivyo hivyo, gari litagonga kwenye mwinuko, litakosa nguvu, na kesho yake na baridi ile halitawaka. Chukua lita mbili tatu za kukushusha, uchanganye na yaliyomo tangini, ukajaze vizuri Chimala. Na usisafiri na dumu la petroli ndani ya gari lenye watu: kadiri unavyopanda, dumu linavimba na mvuke unatafuta pa kutokea.

Kushuka

Kila mtu anaogopa kupanda. Kupanda kukishindikana gari husimama. Kushuka kukishindikana halisimami.

Msomaji aliyefika hapa akiwa na gari zima bado ana nafasi ya kulipata jambo la kusimulia. Aweke nyutro ili kuokoa mafuta. Wataalamu wa baa watamwunga mkono. Ukweli ni kwamba magari ya sasa, ukiwa ndani ya gia na mguu umeuondoa kwenye pedeli ya mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro injini inalazimika kunywa ili isizime. Kwa hiyo anayetelemka kwa nyutro anachoma mafuta zaidi, na amezikabidhi kona zote 57 kwa breki peke yake.

Breki zikishikiliwa muda wote zinapata moto. Kwanza utasikia harufu kama ya mpira ulioungua. Kisha pedeli inaanza kuzama zaidi ya kawaida, kwa kuwa mafuta ya breki, ambayo kwa miaka hunyonya maji kutoka hewani, yameanza kuchemka, na mvuke unabonyezeka pale ambapo mafuta hayabonyezeki. Kwenye hatua hiyo hakuna mbinu, kuna kusimama tu kama bado inawezekana. Anayeshuka salama hutumia gia ileile aliyopandia, huiacha injini imshike, hukanyaga breki kwa nguvu kidogo kabla ya kona kisha huachia. Akisikia harufu huegesha penye usawa nusu saa. Hamwagii maji diski zilizo moto, maana zinapinda.

Ikiwa mvua imenyesha ukiwa juu, njia unayoshuka si ile uliyopanda. Nyanda hizo mvua hupenda kuja alasiri. Panda mapema, na saa saba mchana iwe imekukuta unashuka au umeamua kulala. Greda likipita Jumatatu, mvua ya Jumatano inafuta kazi yake. Na kwenye changarawe usidhani ABS itakuokoa. Hapo mara nyingi gari lenye nayo huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, ingawa litaendelea kukusikiliza usukani.

Gunia la viazi, ukishindwa kabisa kujizuia, liweke karibu na viti vya mbele, si nyuma kabisa kwenye buti, ambako linalaza mkia chini na kuyanyanyua magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki.

Uamuzi wangu, kwa anayeuhitaji, ni huu: kiangazi, gari zima, breki mpya, watu wawili na kijiti, IST inaweza kujaribu, na irudi bila aibu mahali kijiti kitakapokataa. Kati ya Desemba na Aprili, iegeshe Chimala kwenye nyumba ya wageni yenye mlinzi. Magari ya kwenda Matamba huondokea hapo hapo, ukiwahi asubuhi utapata nafasi, na nauli yake haifiki bei ya sampo.